Msemo wa Mama Ndunge

Kavindu, au Mama Mulinge kwa majirani zake, mzee wa kanisa kijijini Tulia, alikuwa na sauti nzuri na hakuogopa watu. Hata hivyo, kila aliposimama kuzungumzia ukuta wa mtoni, waumini walianza kuangalia simu. Mafuriko ya Novemba yalikuwa yamebomoa upande mmoja wa ukuta ule, uliozuia mchanga wa mto ili maji yabaki ndani ya mchanga huo wakati wa kiangazi. Watu hamsini waliujenga. Waliorudi kuutengeneza walikuwa wanne.

Jumapili moja baada ya ibada alimwuliza jirani yake Syombua, "Leo nimekosea wapi?"

"Nikwambie ukweli, Mama Mulinge? Ukianza tu na ule msemo wa mama mkwe wako, tunajua tunachapwa. Halafu unatueleza maana yake kama watoto wa nasari."

Yalimchoma. Alinuna njia nzima, lakini alipofika nyumbani alifungua daftari. Msemo ulikuwa mstari wa kwanza, akaufuta. Maelezo yake yalijaza ukurasa, akayafuta pia. Kila penye "ninyi" aliandika "sisi", kisha akatulia. Hata yeye alikuwa amekosa kwenda mtoni wiki mbili. Akaandika "mimi".

Jumapili iliyofuata Pasta Kyule alimpa dakika kumi.

"Desemba sikwenda mtoni wiki mbili," alianza. "Nilisema mgongo unaniuma. Uliuma kweli, lakini siku ya tatu ulikuwa umepona."

Mtu akacheka nyuma. Simu moja ikarudi mfukoni.

"Nilipoolewa hapa, mimi na mama mkwe wangu, Mama Ndunge, mnamkumbuka, tulikuwa tunateka maji mbali. Siku moja katikati ya mlima niliweka mtungi chini, nikalia, nikasema sitoki hapo. Mama akaketi kando yangu. Hakunigombeza. Alinikanda miguu, tukakaa hapo muda mrefu. Kisha akarudisha mkanda wa mtungi wake kwenye paji la uso, akaniambia, 'Tumepumzika, hatujalala.' Tukapanda."

Ulimi ulimwasha. Alitaka sana kueleza. Akashika ukingo wa mimbari mpaka hamu hiyo ikapita.

"Jumanne saa mbili asubuhi nitakuwa mtoni. Mawe yapo. Tumekosa mikono."

Akaketi. Alikuwa ametumia dakika nne tu, akadhani ameharibu kila kitu.

Jumanne alifika na mumewe, wakaanza kupanga mawe. Syombua akaja na makarai mawili. Saa tatu ukasikika mlio wa toroli: Musyoka, mmoja wa wale hamsini, aliyekuwa ameapa kwamba hatakanyaga tena pale, aliteremka mtoni bila kusalimia mtu, akamwaga mchanga.

"Simiti iko wapi?" akauliza.

Kufikia adhuhuri walikuwa kumi na tisa. Siku nyingine walikuja tisa, siku nyingine thelathini, na Kavindu hakukosa hata moja. Mvua za Machi zilipoujaza mto ukaja kwa kishindo, walisimama ukingoni wakitazama maji mekundu yakigonga mawe mapya. Ukuta haukutikisika.