Mguu wa Sidonie

Miaka ile ya Wabelgiji, ofisi ya teritwari, yaani ya wilaya, pale Kabambare ilikuwa na karani mkaidi aitwaye Zéphirin. Barua ikija imeandikwa "dosie yangu iko humu ndani", yaani faili ya mtu, na bahasha haina kingine, hakuitupa barua wala hakujifanya ameiona dosie. Aliikung'uta bahasha, akapekua barua nyingine za mfuko uleule wa posta, kisha akaandika pembeni kwa penseli: kiambatisho hakikuwamo. Siku hiyohiyo alimjibu mwenye barua kwamba barua imefika, karatasi fulani haikuwamo, ailete. Makarani wenzake walimcheka. Wao walikisia, au walinyamaza mpaka mtu achoke mwenyewe.

Nyumbani hakuwa na wa kumcheka. Mkewe, Léocadie, alibaki Kasongo akimuuguza mama yake, pamoja na binti yao Sidonie, ambaye Zéphirin alimwacha hajajua hata kukaa. Likizo aliiomba, wakamwambia asubiri. Jioni alipika chakula cha mtu mmoja, na kikabaki.

Noeli ilipokaribia, Léocadie aliandika: "Nimechora muguu ya mutoto. Karatasi iko humu ndani. Umutafutie viatu vya kwenda misa."

Zéphirin akakung'uta bahasha. Hamna. Akaipasua pande zote, akarudi ofisini kupekua mfuko wa posta, akainama hadi chini ya meza. Hamna.

Kesho yake lori lilikuwa linakwenda Kasongo, la mwisho kabla ya sikukuu. Moustapha mwenye duka akamwekea viatu vyekundu mezani.

"Kamata hivi, karani. Kama ni vikubwa, muguu itakulia ndani."

"Muguu yake sijaiona."

"We ni baba yake. Kisia tu."

Neno hilo lilimchoma, kwa kuwa hakuweza kukisia. Akakiweka kiatu kiganjani, akajaribu kumkumbuka mtoto, akakumbuka tu blanketi alilofungwa. Akakirudisha.

Lori likaondoka na barua yake: "Barua yako nimepata. Karatasi ya muguu haikukuwa ndani. Viatu sijanunua, nisikudanganye. Chora tena." Alijua binti yake angekwenda misa peku, na iliuma. Noeli ikapita, yeye aliimba kanisani katikati ya watu asiowajua vizuri, akarudi kulala mapema.

Mwezi wa pili jibu likafika. "Ile karatasi ilibaki chini ya taa," Léocadie aliandika. "Vizuri ulisema. Ungenyamaza, ningesema umemusahau mutoto. Nimechora ingine, ile ya kwanza imekuwa fupi."

Safari hii karatasi ilikuwamo. Zéphirin aliupima mguu uliochorwa kwa kiganja chake, ukafika vidoleni. Akaitandaza sakafuni, kando ya kitanda, akaitazama mpaka giza likaingia.

Asubuhi alipoamka aipeleke kwa Moustapha kupimia viatu, aliizunguka kwanza ili asiikanyage.