Karatasi ya Mpangaji

Josephine Kadii alikuwa na sifa moja ambayo Garsen nzima iliijua: habembelezi. Ukimkosea atakwambia, ukimdai atakulipa, lakini kubembeleza, hapana. Marehemu mumewe ndiye aliyekuwa na ulimi wa asali, na tangu alipozikwa kijijini Wema, asali ya nyumba hiyo ilizikwa naye. Alichomwachia Josephine ni mwana mmoja, Job, aliyekwenda zake Mombasa, na ploti nyuma ya soko la Garsen: vyumba vitatu vya kupanga na duka moja linalotazama barabara, vyote vimejengwa kwa pesa za mpunga, msimu mmoja tofali, msimu mwingine bati.

Duka lile lilipangwa na Mahadi, muuza magodoro. Alilipanga akiwa kijana asiye na mke, na sasa ana watoto wanaomwita Josephine nyanya. Siku za Idi sahani ya pilau ilivuka uwanja kwenda kwa Josephine, na Krismasi sahani ikavuka kurudi. Watu wa ploti walikuwa wamezoea kuwasikia wawili hao wakitaniana asubuhi, Josephine akidai magodoro ya Mahadi yanalaza watu mpaka wanachelewa kanisani, Mahadi akijibu kwamba asiyetaka kwenda kanisani hahitaji godoro la kumchelewesha.

Kisha mafuriko yakaja. Mto ulipanda ukaingia Wema, ukaibomoa nyumba ya Josephine ya shambani, na mvua hiyo hiyo ikapata njia kwenye paa la duka. Maji yakadondokea magodoro. Godoro la sponji likishakunywa maji ya mvua limekwisha, hata ulianike mpaka lini, harufu haitoki. Mahadi akasema, "Mama, tengeneza paa, nitalipa kodi." Josephine akasema, "Lipa kodi, nitatengeneza paa." Basi wakakaa hapo. Mwezi wa kwanza walisemezana kwa heshima, wa pili kwa mkato, wa tatu hawakusemezana kabisa. Josephine akamtumia ujumbe kwa simu kwamba mwezi ukiisha aondoke.

Tuseme ukweli, hakutaka aondoke. Alitaka aje. Alitaka asimame pale mlangoni na kusema, "Mama, nimekosa," naye angejitia kukunja uso kidogo halafu wangemaliza. Kila jioni alikaa uwanjani akichambua mchicha taratibu kuliko ilivyohitajika, akiupa mlango nafasi. Mahadi hakuja, na mwezi ulikuwa unaisha.

Wiki hiyo ya mwisho ndipo kikundi cha akina mama kilipomteua kwenda kwenye mafunzo ya usuluhishi, pale ukumbini. Wakili mmoja kijana kutoka Garissa, Ayan, alikuwa akiwafundisha watu wa vijiji namna ya kupatanisha wagombanao kabla hawajafikishana mahakamani. Josephine alikubali upesi sana. Alidhani atajifunza maneno ya kumshinda Mahadi.

Siku ya pili Ayan aliwaambia wanafanya igizo. Mwenye nyumba anagombana na mpangaji: kodi haijalipwa, paa linavuja. Ukumbi mzima ukageuka kumtazama Josephine, na baadhi wakacheka chini chini, maana Garsen ni ndogo. Yeye akatazama mbele kama hakusikia.

"Mama Job atakuwa mpangaji," Ayan akasema. Hakujua kitu, maskini. "Liban, wewe mwenye nyumba. Mzee Gershom, msuluhishi."

Liban alikuwa kijana wa kuuza maji, mwepesi wa maneno. Gershom alikuwa shemasi mstaafu kutoka Wema, mtu wa pole pole. Ayan akawasomea wote maelezo ya kesi ambayo kila mtu anaruhusiwa kuyajua. Kisha akampa Liban karatasi yake na Josephine karatasi yake. Hayo, alisema, ni maagizo ya siri. Usimwonyeshe mwenzako. Utachagua mwenyewe useme nini na unyamaze nini. Unaweza kumwambia msuluhishi faraghani, naye hataruhusiwa kulitoa mpaka umpe ruhusa.

Josephine akavaa miwani. Karatasi yake ilisema: Unazo kodi za miezi miwili, umeziweka kando. Uko tayari kuzitoa leo hii ukipewa siku ya kutengenezwa paa. Unaogopa kwamba ukilipa kwanza, mwenye nyumba atakusahau.

Akaikunja, akaiweka kifuani chini ya leso, akaketi wima.

Hapo ndipo watu walipofurahi, kwa sababu Josephine hakuigiza, aliishi. Alimweleza Liban juu ya magodoro yaliyooza, ingawa hakuna mahali maelezo yalipotaja magodoro. Alimweleza jinsi mtu anavyolala akisikiliza tone, tone, akijua kila tone ni pesa yake. Alisema mambo ambayo Mahadi alimwambia mwezi wa kwanza, na alishangaa jinsi yalivyokuwa na maana yakitoka kinywani mwake mwenyewe.

"Mimi landilodi," Liban akajibu, kifua mbele. "Lipa kwanza. Duka hili linatakwa na wengi."

"Wape hao wengi."

Gershom akamchukua Josephine barazani kwa kikao cha faragha. "Mama Job," akasema kwa upole, "kuna kitu unachokificha? Kikifika kwangu, kimebaki."

Pesa za miezi miwili zilikuwa pale, kwenye karatasi chini ya leso. Angalisema tu. Lakini alimwona Liban kupitia mlangoni, amekunja nne, anajichekea, na roho ikamkataa. "Sina kitu," akasema. "Atengeneze paa."

Gershom akatoka na Liban, naye Liban hakumwambia kitu vilevile. Wakarudi mezani, wakavutana, mwisho Josephine akasimama na kusema anahama. Ukumbi ukapiga makofi. Alirudi kitini mwake na furaha ya mtu aliyeshinda.

"Sasa someni karatasi zenu kwa sauti," Ayan akasema.

Josephine akasoma yake. Minong'ono ikapita. Liban akasoma yake, na sasa hakuwa na kifua tena: Fundi ameshaahidi kuja Ijumaa. Uko tayari kusamehe kodi ya mwezi mmoja. Mpangaji huyu ni mtu mwema na unaogopa sana kumpoteza, lakini hutaki ajue.

Ayan akachora mistari miwili ubaoni. Mpangaji anatoa miezi miwili, akasema, mwenye nyumba anasamehe mmoja. Ni miezi mitatu, deni lote. Paa linatengenezwa Ijumaa. "Mapatano yalikuwapo tangu walipoketi. Hawakukosana kwa kodi, wala kwa paa. Walikosana kwa yale waliyoficha."

Aliendelea kueleza, lakini Josephine hakusikia. Alikuwa akiisoma kichwani karatasi yake mwenyewe, ile ambayo hakuna wakili aliyemwandikia. Ilisema: Huna pesa ya bati. Ulikopa kwenye kikundi kujenga upya nyumba ya Wema, na mkopo umechelewa kulipwa, na wewe ndiye mweka hazina wa kikundi hicho. Unaona haya hata kuwaza. Mpangaji wako unampenda kama mwanao. Usimwambie.

Wakati wa chakula cha mchana hakula. Alifunga leso kiunoni akatembea juani hadi kwenye ploti yake, midomo ikicheza, anapanga maneno. Alikuwa tayari kubembeleza, kwa mara ya kwanza katika maisha yake.

Alikuta tuktuk imesimama barabarani, na Mahadi anafunga kamba juu ya magodoro ya mwisho. Duka lilikuwa wazi, limefagiwa.

"Mama," Mahadi akasalimu, akiinamisha kichwa.

"Shusha hayo," Josephine akasema. Si hivyo alivyopanga kusema, lakini ndivyo ilivyotoka. Kisha akamwaga yote, pale pale, dereva akisikia: nyumba ya Wema, mkopo, aibu ya mweka hazina, kwamba bati hakuwa nalo na ndiyo sababu alisema lipa kwanza. "Ungenipa nusu tu, Mahadi. Nusu ingetosha kununua bati."

Mahadi aliiacha kamba.

"Nusu nilikuwa nayo," akasema. "Nilimtuma mzee wetu Godhana aje aseme nawe."

"Godhana?"

"Mimi nitasimamaje mbele yako nibishane juu ya pesa, Mama? Wewe si rika langu. Nikamtuma mzee. Aseme nusu ipo, na fundi nitamtafuta mimi."

Godhana alikuwa amekuja kweli. Josephine alikumbuka, na laiti asingekumbuka. Mzee aliketi, akauliza habari za mto, akauliza shamba la Wema limekauka vipi, akaeleza ng'ombe walivyovuka na wangapi walirudi, akauliza Job anaendeleaje. Josephine alikuwa anachelewa mkutano wa kikundi. Alichukua mkoba akasema, "Mzee, leo nina haraka," na Godhana akainuka, akashukuru, akaenda zake. Godhana ni Mworma, na Mworma aliyetumwa haliweki neno mezani mpaka habari zote ziishe, na akikatizwa huona kwamba jibu ameshapewa. Josephine alizaliwa kando ya watu hao. Amekula nao, amezika nao, na jambo hilo alilijua tangu utotoni. Siku ile hakulikumbuka kwa sababu hakutaka kuketi.

"Alirudi akaniambia hukutaka kusikia," Mahadi akasema. "Basi ile nusu nikaipeleka Minjila. Nimelipa duka jipya huko, na mwenye duka hawezi kurudisha."

"Hata nikimwomba mimi?"

"Ameshanunua nayo mbuzi, Mama."

Alimpa funguo kwa mikono miwili. Alisema deni lake atalileta kidogo kidogo, asiwe na wasiwasi. Josephine alitaka kusema hakuja kwa sababu ya deni, lakini akabaki anatikisa kichwa mpaka tuktuk ikakunja kona.

Alirudi ukumbini amechelewa. Ayan alikuwa amebadilisha viti: sasa Liban mpangaji, Mama Job mwenye nyumba. Karatasi zilikuwa mpya, ili mtu asitumie aliyoyasikia asubuhi. Gershom akaanza kuwakaribisha na kueleza kanuni za kikao.

Josephine hakumngoja. Alivaa miwani, akaifungua karatasi yake ya siri mezani mbele ya Liban, akaanza kuisoma kwa sauti, neno kwa neno: kwamba anadaiwa na benki, kwamba bomba lililopasuka hawezi kulitengeneza mwezi huu, kwamba mpangaji akiondoka hajui atakula nini.

"Mama Job," Ayan akasema, akicheka kidogo, "hiyo ni siri yako. Ukianza hivyo mchezo utaharibika."

"Uharibike."

Liban alimtazama usoni, na kile alichokiona kilimwondolea mzaha. Akaikunjua yake, akaisoma vilevile. Wakapatana kabla Gershom hajamaliza kanuni zake: mpangaji atatafuta fundi wa bomba, gharama itakatwa kwenye kodi, kilichobaki kitalipwa kwa awamu. Watu wakapiga makofi, na Ayan akaandika ubaoni kwamba pande zote zimeridhika.

Josephine alibaki akiyatazama maandishi yale. Yalikuwa mapatano mazuri kabisa, lakini ni kati ya mwenye nyumba na mpangaji ambao hawakuwapo duniani.