Kitabu Kilichoishia Mtoni

Mdogo wetu wa mwisho alipopata nafasi ya chuo cha ualimu, hakuniomba sanduku wala viatu. Aliniomba kitabu. Alitaka kile ambacho mama alikuwa akitusomea wakati wa kuanika kahawa, cha mwanamke mwenye punda. Jina la kitabu hakuna aliyelikumbuka kati yetu.

"Nikienda huko nataka niwe nacho," alisema. "Sauti ya mama ninayo pale tu, dada. Pale mwanamke anapoita watoto mtoni."

Alikuwa na miaka minne mama alipofariki. Baba alikuwa ametangulia. Tulikuwa wanne, mimi mkubwa, nikaacha shule darasa la sita. Sasa tulikuwa tumepanga chumba Olasiti na mimi nauza mitumba, maana miaka ile nguo zilikuwa zimeanza kuingia kwa marobota na kila mtu mjini alikuwa na kitu cha kuuza. Aliposema hivyo niliendelea kukunja mashati. Nilimwambia tutakwenda maktaba ya mkoa.

Mkutubi alikuwa mzee wa Kichaga mwenye sweta la kijivu. Tulimwamkia shikamoo, akaitikia bila kuinua macho.

"Kitabu gani?"

"Hatujui jina, mzee. Kina rangi ya bluu."

"Bluu." Akaonyesha kabati lake la kadi, droo juu ya droo. "Hapa kuna kadi za majina ya waandishi, za majina ya vitabu, na za mada. Droo ya bluu wanachelewa kuniletea."

Mdogo wangu alicheka. Mzee naye akalegea, akavuta karatasi. Nilidhani atauliza hadithi. Yeye aliuliza kwanza tulikisomea wapi.

Nkoaranga, nikamwambia, nyumbani, kwenye vichanja vya kahawa. Mtu hukaa hapo kutwa kulinda, mvua ikinyemelea kutoka mlimani afunike. Mama alikaa na kitabu mapajani. Alikiazima kwenye maktaba ya kijiji, chumba kimoja kilichokuwa na kabati na mwalimu wa jioni.

"Vya elimu ya watu wazima," alisema, akaandika. "Chembamba?"

"Chembamba."

"Herufi kubwa?"

"Kubwa. Hata mimi wa darasa la sita nilizisoma nikiwa upande wa pili wa kichanja."

"Na hiyo bluu ikoje?"

"Bluu ya mbingu, na mlima wenye theluji, na ng'ombe wa kahawia kwenye majani."

Ndipo akauliza hadithi. Mdogo wangu akamjibu kabla yangu. Mjane anakwenda kutafuta chumvi na punda wake, anavuka mto, akirudi anakuta umejaa, anakwama ng'ambo. Jioni anasimama ukingoni na kuita watoto wake waliobaki nyumbani, mmoja mmoja, akianza na mdogo kabisa, na kila anayeitwa anaitika.

Mzee alitafuta siku ile na wiki iliyofuata. Alitoa kadi za hadithi za Kiswahili, akaenda rafuni, akarudi na vitabu vitatu, vinne, akavifungua mbele yetu. Cha bluu chenye mlima hakikuwepo. Mjane anayeita watoto hakuwepo.

"Nimesoma karibu vyote vya aina hiyo," aliniambia. "Hicho cha kuita watoto ningekikumbuka."

Mara ya tatu nilikwenda peke yangu. Nilisimama mezani kwake, nikamwambia, "Mzee, kuanzia mtoni ni mimi."

Aliweka kalamu chini.

Nilimweleza. Mama alisoma mpaka mjane anapomfunga punda na kuutazama mto. Siku hiyo alisema amechoka, atamalizia kesho. Hakushika tena kitabu. Baada ya mazishi mwalimu alikuja kukichukua, alikuwa na haki, kilikuwa cha kijiji. Mdogo wetu alilia kila siku akitaka mjane avuke, basi nikamvusha. Nilimtungia wito, nikaweka majina yetu wanne, lake la kwanza. Nilisimulia miaka na miaka. Ningemwambiaje kwamba si mama?

"Na juzi ukamwacha anitume nitafute maneno yako," mzee alisema. Hakusema kwa ukali.

"Nilidhani labda na kitabuni yapo. Nimesimulia mpaka sijui tena mpaka wa changu na cha kitabu."

Alichukua karatasi yake, akakata mstari wa wito. Kisha kalamu ikasimama kwenye bluu.

"Vile vitabu vilichapwa kwa rangi moja, sana sana mbili. Wewe umenipa mbingu, theluji, ng'ombe, majani. Mama yako aliweka kava kwenye vitabu?"

Niliona mikono yake hapo hapo. Aliweka kava kila kitabu kilichoingia nyumbani, vya kuazima hasa, asije akaambiwa amekichafua. Mwaka ukiisha alikata kalenda ya ukutani kwa kisu, akakunja, akapiga pasi kwa kiganja. Tulikuwa tunatafuta kalenda.

"Rangi tuitupe basi," alisema mzee. "Tumebaki na mjane, punda, chumvi na mto, kitabu chembamba cha watu wazima. Huyo namjua. Ila yeye haiti mtu."

Hakikuwepo rafuni. Kilikuwa stoo, kwenye vile vilivyokwisha kufutwa kwenye daftari ili kupisha shehena za vitabu vya Kiingereza vya misaada. Jalada lilikuwa la rangi ya tope, na jina lake lilikuwa la kawaida, jina la kijiji cha kutunga. Nilipolisoma sikukumbuka chochote. Nilifungua ukurasa wa kwanza, punda akiwa anakataa kutoka zizini, na hapo nikakaa chini kwenye maboksi.

"Chukua," alisema. "Huku hakihesabiwi tena." Halafu, nikiwa mlangoni: "Kisome wewe kwanza."

Sikusoma kwanza. Niliona nikisoma nitakificha.

Mdogo wangu alikaa kizingitini mchana ule, akasoma haraka, kidole kikifuata mstari. Alifika mwisho. Akarudi nyuma, akafika mwisho tena.

"Dada, kuna kurasa zimetoka?"

"Hazijatoka."

"Mbona haiti watoto?"

Nilimwambia yote kama nilivyomwambia mzee. Nilidhani atalia au atanitukana. Aliuliza kitu kimoja tu, mama aliishia ukurasa gani. Nikamwonyesha. Alitazama ule ukurasa, mjane na kamba ya punda mkononi, akajaribu, nilimwona akijaribu, kama mtu anayetega sikio ukutani.

"Hapa sikumbuki kitu," alisema. "Ile sauti ni yako."

"Nadhani ni yangu."

"Kwa hiyo ya mama mimi sina."

Nilikuwa nimempa ugali, sare na ada, nikadhani na mama nimempa.

Baadaye aliniletea kitabu. "Nisomee," akasema. Nilisoma tangu punda anapokataa kutoka zizini. Nilijaribu kusoma kama mama, polepole, nikipumzika anapopumzika, na katikati niligundua kwamba hata mimi sina uhakika alikuwa anapumzika wapi. Tulifika mtoni. Nikafunga kitabu kwa mazoea.

"Endelea," alisema.

"Ya kwangu au ya kitabu?"

Aliitazama barabara.

"Ya kitabu."

Nikafungua. Mjane alivuka kwa kushika mkia wa punda, akafika sokoni, akajiunga na kikundi cha akina mama wafinyanzi, wakamchagua katibu. Nilimsomea mpaka ukurasa wa mwisho, pale bwana afya anapowakumbusha wote kuchemsha maji ya kunywa.