Koti Namba Thelathini na Moja

Jumanne saa nne asubuhi, mtunza rejista alifungua sanduku la nne kwenye rafu C na koti hakuliona.

Alitoa karatasi laini za kufungia, akatoa blanketi la sufu, akatoa shali, akapitisha mkono chini kabisa mwa sanduku kama mtu anayetafuta sindano. Hakuna kitu. Akavirudisha vyote, akavitoa tena.

Nusu saa kabla ya hapo alikuwa amepokea simu. Binti wa tarishi mstaafu wa posta alisema baba yake ametoka hospitali, hana nguvu, na tangu juzi wimbo wake ni mmoja tu: anataka kuliona koti lake. Wangekuja Ijumaa. "Lipo, si ndiyo?" binti aliuliza, na mtunza rejista alijibu bila kufikiri, "Lipo, mama. Litaenda wapi?"

Makumbusho yenyewe ni vyumba viwili vilivyokuwa ghala la mbegu la ushirika. Chumba cha mbele kina makabati ya vioo na benchi la wageni. Cha nyuma kina rafu za chuma, A hadi F, na meza moja karibu na dirisha, na juu ya meza kuna rejista. Ni daftari kubwa lenye jalada gumu, na ukurasa wake una safu saba: namba, tarehe, maelezo ya kitu, aliyekitoa, kilivyopatikana, hali yake, na mahali kilipo. Safu sita za kwanza huandikwa kwa wino. Kosa likitokea hukatwa kwa mstari mmoja unaoacha maneno yakisomeka, kisha anayekata hutia sahihi na tarehe. Safu ya mwisho huandikwa kwa penseli, kwa sababu vitu huhama.

Miaka kumi na minane alikuwa ameishika rejista ile. Zamani alikuwa karani wa shule. Alipelekwa mafunzo ya wiki mbili, akarudi ameshika dini mpya. Watu wakamwita Mama Rejista, nusu kwa heshima na nusu kwa utani. Binti yake, fundi cherehani, alipenda kusema kwamba hata sufuria za nyumbani siku moja zitashonewa namba. Yeye hucheka. Lakini moyoni aliamini kwamba kitu kilichoandikwa sawasawa hakiwezi kupotea, na imani hiyo ilikuwa imembeba katika mambo mengi, talaka ikiwamo.

Sasa alifungua ukurasa wa mwaka 2009. Namba 2009.31. Koti la sufu la tarishi, vifungo sita vya shaba, kimoja si cha asili. Zawadi. Hali: nzuri, kiwiko cha kulia kimetiwa kiraka. Mahali:

Mahali palikuwa peupe.

Hapakuwa peupe pa kutoandikwa. Karatasi ilikuwa imechubuka kidogo pale raba ilipopita, na akiinamisha kichwa kwenye mwanga aliona kivuli cha "C, sanduku 4". Mtu alikuwa amefuta, na hakuandika kitu kingine. Aliyekuwa na funguo za chumba kile alikuwa mmoja tu, naye ndiye aliyekuwa ameinamisha kichwa.

Siku ile na ya pili yake alipekua rafu zote. Alikuwa na kadi nyekundu ambazo huwekwa mahali pa kitu kilichotolewa, zikisema kimekwenda wapi na nani kakipeleka. Hakuona hata moja ya namba thelathini na moja. Alikumbuka wadudu waliokula sufu mapema mwaka ule. Alikumbuka alivyovifunga vitu kwenye plastiki na kuvigandisha wiki mbili ili wadudu na mayai yao vife. Koti nalo aliligandisha, akalirudisha. Hilo alikuwa na hakika nalo kama jina lake. Basi lilitoka lini sandukuni, na kwa mkono wa nani?

Kilichomtisha zaidi hakukitaja kwa mtu. Mama yake alikuwa amefariki mwezi wa tatu, baada ya miaka minne ya kusahau. Alianza na funguo. Kisha akasahau mwana yupi kazaliwa kwanza. Mwishoni alimwita mtunza rejista "shangazi" na kumwomba kwa adabu ampeleke kwao.

Asubuhi ya Jumatano binti yake alimwona ameshika kikombe bila kunywa.

"Mama, chai imeshakuwa maji ya kuoshea vyombo. Kuna nini?"

"Hakuna kitu."

"Ukisema hakuna kitu kwa sauti hiyo, najua kipo, tena kimeshaingizwa daftarini."

Alitaka kumwambia. Badala yake aliuliza, "Mimi juzi nilikuwekea nguo gani upige pasi?" Binti akamtazama sana kabla ya kujibu, na mtazamo ule ukamzidishia hofu.

Jumatano hiyo mchana alimwambia mwenyekiti wa kamati, mwalimu mkuu mstaafu anayeweka saa ya mkononi kwenye mfuko wa shati kwa sababu mkanda ulikatika na yeye hapendi kubadili vitu. Alisikiliza amefumba macho.

"Nani mwingine anajua?"

"Wewe tu, Mwalimu."

"Basi ibaki hivyo. Sikiliza, dada. Kuna koti la mlinzi wa reli pale kabatini. Rangi ileile, uzito uleule. Yule mzee haoni vizuri siku hizi. Mvalishe mabegani, apige picha, arudi nyumbani ametulia. Tutalitafuta letu polepole."

"Lina namba yake. Imeshonewa kwenye kola."

"Na wewe una mkasi."

Mwenyekiti akafumbua macho.

"Mimi sikulazimishi. Nakukumbusha tu kwamba funguo ziko kwako peke yako, na palipofutwa ni mwandiko wako. Kamati ina watu wa kila aina. Kuna anayesema tangu zamani kwamba vitu vya humu vinauzwa mtandaoni. Ukimwambia mzee halipo, jioni hiyohiyo mtaa mzima utakuwa umekuita mwizi. Mimi nitakutetea, lakini nitakutetea kwa lipi?"

Alhamisi asubuhi alitoa koti la mlinzi kabatini, akaligeuza kola. Utepe mweupe, namba ndogo kwa wino usiofutika, mishono minne ya uzi wa pamba. Alikuwa ameishona mwenyewe. Mkasi ulikuwa mkononi, ncha yake chini ya mshono wa kwanza. Akawaza: nikikata hii, kuanzia leo hakuna namba humu ndani itakayokuwa na maana. Hata hii ya kweli. Hata zile nisizokumbuka.

Akaweka mkasi. Akachukua kalamu, na kabla woga haujamrudisha nyuma akaandika kwa wino, chini ya 2009.31, tarehe ya siku ile na maneno haya: "Halikukutwa mahali pake. Linatafutwa." Akatia sahihi. Wino ulipokauka alihisi kama mtu aliyejifungia mlango kwa nje.

Baada ya hapo hakukuwa na cha kufanya ila kile alichofundishwa: kuacha kuuliza kichwa na kuuliza rejista. Alianza na vitu vyote vya sufu, kimoja kimoja, akisoma safu ya hali. Blanketi: "Wadudu. Limegandishwa wiki mbili, tarehe 3 hadi 17 Februari. Limerudi." Shali: "Wadudu. Imegandishwa, tarehe 3 hadi 17 Februari. Imerudi." Koti: hali nzuri, kiraka kwenye kiwiko. Basi.

Alisoma tena. Koti halikuwa na mstari wa kugandishwa.

Asingeandika viwili akaacha cha tatu. Kwa hiyo koti halikurudi na wenzake. Halikwenda nao kabisa. Friza la jirani, muuza samaki wa ng'ambo ya barabara, lilikuwa na nafasi ya vitu viwili kwa zamu, na koti lilikuwa zito, likangoja. Lingekwenda mwanzoni mwa Machi. Na mwanzoni mwa Machi, asubuhi moja, alikuwa amesimama papo hapo na raba mkononi, koti limeshafungwa plastiki mbili, akiwa tayari kuandika "friza", simu ikalia. Alikuwa kaka yake mdogo. Alisema, "Njoo sasa hivi, mama anapumua vibaya." Akatoka na mzigo kwapani, akaupitisha kwa muuza samaki kwa sababu palikuwa njiani, akaenda hospitali. Mengine yalikuwa msiba. Alirudi kazini baada ya wiki tano, na kichwa chake, kwa huruma au kwa uvivu, kilikuwa kimemalizia hadithi kivyake: koti limeshagandishwa, limesharudi.

Alivuka barabara bila kufunga mlango, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Mzigo wako?" muuza samaki alisema akiparua magamba. "Dada yangu, ule mimi nilijua ni nyama ya msiba, nikaona aibu kukuuliza. Upo, ila friza liliharibika wiki mbili zilizopita. Nimeuweka stoo."

"Uliufungua?"

"Nifungue cha mtu? Mimi nauza samaki, siuzi umbea. Umbea natoa bure."

Hakuweza kucheka. Plastiki ya nje ilikuwa na maji. Ya ndani ilikuwa na mvuke. Mezani kwake, amevaa glavu, alilifungua koti taratibu, na pale kwenye mkono wa kushoto, kutoka kwenye pindo hadi karibu na kiwiko, ukungu wa kijivu ulikuwa umetandaa kama unga uliomwagika. Alilitandaza kwenye karatasi safi chumba cha mbele, mbali na vitu vingine, akafungua madirisha. Kisha akaandika yote: lilikokuwa, kwa muda gani, ukungu umefika wapi kwa sentimita, na sababu. "Mtunza rejista alifuta mahali pa zamani kabla ya kuandika mahali papya, na hakuweka kadi."

Ijumaa mzee aliletwa ameshikwa mkono na binti yake. Alikuwa amepungua mpaka shati lilionekana limekuja lenyewe.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Liko wapi?"

Mtunza rejista alikuwa amepanga maneno. Yote yalimkimbia. Akamsomea ukurasa kama ulivyo. Binti wa tarishi alisimama.

"Kwa hiyo Jumanne uliponiambia lipo, ulikuwa hujui."

"Nilikuwa sijui."

"Baba alilivaa miaka ishirini na saba bila doa. Ninyi mmelitia kwenye samaki. Nitaiandikia kamati."

"Andika. Anwani nitakupa."

Mzee alikuwa ameshaliona. Alinyoosha mkono kuelekea kwenye ukungu na mtunza rejista akamzuia, akamvisha glavu kidole kwa kidole, akauongoza mkono ule kwenye upande uliokuwa mzima. Mzee akapapasa vifungo. Akafika kwenye kile kisicho cha asili, akakizungusha.

"Hiki alikishona mke wangu," alisema. "Kilikuwa cha gauni lake. Hilo mmeliandika?"

"Hapana, baba. Tumeandika tu kwamba si cha asili."

"Andika."

Akaandika kwa wino, mzee akimtazama mdomo kama mtu anayesubiri kusomewa barua. Binti alikaa tena, lakini uso haukulegea, na barua yake ilifika kwa kamati Jumatatu.

Kamati ilikaa wiki iliyofuata. Mtunza rejista hakusubiri kuulizwa. Aliweka funguo mezani na kuomba mambo mawili: kila kitu kinachohama kishuhudiwe na mtu wa pili atakayetia sahihi, na raba itolewe katika chumba kile, mahali pa zamani pakatwe kwa mstari, pabaki panasomeka. Mwenyekiti alitazama saa mfukoni kwa muda mrefu. Walimrudishia funguo kwa kura nne dhidi ya tatu, wakamwongezea mwangalizi wa kumsimamia kwa miezi sita. Mmoja wa wale watatu hamsalimu mpaka leo.

Koti lilisafishwa kwa brashi laini, likakaushwa, likarudi rafu C. Aliandika mahali, mwangalizi akatia sahihi, wakafunga daftari. Alipofika mlangoni alisimama, akamwomba mwangalizi amngoje kidogo, akarudi kufungua ukurasa kuona kama kweli ameandika.

Pameandikwa. Akasoma tena, kwa kidole, herufi moja moja.