Bibi Harusi Aliyeshindwa Kuinamisha Kichwa

Enzi za Waingereza nilikuwa dresa wa zahanati, yaani mfunga vidonda na mgawa dawa, huko Kagoma, na kilichonichosha kuliko vidonda vyote ni wagonjwa wasiokuja. Anakuja kaka, anakuja jirani, anasimama mlangoni, ananiita kwa heshima ya Kihaya: "Dakta, waitu, fulani ana homa, nipe dawa." Fulani yuko wapi? Yuko nyumbani, anaumwa. Ala! Sasa nimpime nani, wewe?

Nilikuwa nafoka hivyo, kisha natoa dawa. Nasema hili mapema ili msije mkadhani nawalaumu watu wa nyumba nitakayowasimulia peke yao.

Jumatatu moja ya masika alikuja kijana wa jirani, ameoa hata mwezi haujaisha. Mkewe ana homa, na kichwa kinamuuma kiasi cha kulia. "Mlete," nikamwambia. Akanitazama kana kwamba nimemtusi mama yake. Mgole, yaani bibi harusi kwa Kihaya, hatoki nje hovyo. Anakaa chumba cha ndani, amejifunika, mpaka siku zake za kutolewa zitimie. Nikauliza: anakohoa? Hakohoi. Makamasi? Hana. Kuna mwingine nyumbani anayeumwa hivyo? Hakuna. Basi si mafua makali, nikasema. Ametetemeka? Ametetemeka. Mvua zinanyesha, mbu wamejaa, foleni yangu imefika barabarani. Nikaandika malaria kwenye daftari, nikampa kwinini, akaenda zake.

Jumatano asubuhi akaja baba yake kijana, kufungwa kidonda cha mguu. Mzee yule alikuwa na maneno mengi, na siku hiyo alikuwa na jipya.

"Dakta, tumeoa balaa. Leo nimeingia mgole anisalimie. Magoti amepiga, sawa. Lakini kichwa juu! Juu, wima, macho kafumba, kama hataki hata kuniona!"

Kwetu mke akisalimu wakubwa hupiga magoti na kuinamisha kichwa. Kutokuinama mbele ya baba mkwe ni ufidhuli wa kuitishia kikao.

"Mke wangu akamwambia, inama. Akajibu hawezi. Hawezi! Mke wangu akamshika kisogo amwinamishe mwenyewe, na yeye akapiga yowe kama anachinjwa. Wazazi wake nimeshawatumia ujumbe waje kumchukua."

Bandeji ikanitoka mkononi. "Mzee, alisema hawezi, au alisema hataki?"

"Kuna tofauti gani?"

Nilitamani kumtikisa. Homa, kichwa kinachomliza mtu mzima, na shingo isiyokunjika! Malaria inauma kichwa, inauma kiuno, inauma kila kiungo. Mafua makali nayo ni hivyo hivyo. Lakini mwambie mgonjwa wa malaria aguse kifua kwa kidevu. Atanung'unika, atakulaani, na kidevu kitafika. Huyu hakifiki, na ukikilazimisha anapiga yowe. Nikachukua sindano na penisilini, nikamwacha mzee na mguu wake nusu umefungwa.

Mlangoni kwao nikamkuta mama mkwe, mikono kiunoni. "Dakta, kwa mgole haingii mwanamume."

"Mama, nipishe."

"Na wala si ugonjwa wa kukimbiliwa hivyo. Ni homa tu, na tangu jana anatapika." Akatabasamu kidogo. "Wewe mtu mzima, unaelewa."

"Mimba haiunguzi mwili hivyo, mama! Nipishe!"

Akanipisha, akinifuata nyuma huku akilalamika. Binti alikuwa amelala ubavu kwenye giza la chumba cha ndani, amejikunja, kanga imefunika uso. "Kujifunika tu ndiko anakokujua," alisema mama mkwe. Nikafungua dirisha. Mwanga ulipompata, binti akaguna na kuivuta kanga zaidi usoni. Siku tatu alikuwa anaukimbia mwanga, na nyumba nzima ikadhani ni adabu.

Nikamlaza chali. Nikapitisha kiganja chini ya kisogo chake, nikakiinua taratibu. Hakikukunjika. Mabega yalikuja pamoja na kichwa, na magoti yakajikunja yenyewe bila kuguswa. Nikamwinua paja, goti limekunjwa, nikajaribu kuunyoosha mguu. Akalia. Nikamwita mama mkwe: "Lete mkono wako hapa. Jaribu wewe, polepole."

Akatia kiganja chake pale pale aliposhika asubuhi. Akaiona shingo ilivyokakamaa. Ule ubishi wote ukamwisha usoni.

"Mae!" alisema. "Na mimi nilimsukuma."

 Na mimi je, niliyempa mgonjwa dawa bila kumtia machoni? Hasira niliyokuwa nayo, nusu yake ilikuwa juu yangu mwenyewe, na hiyo ndiyo iliyoniuma zaidi. Nikamchoma penisilini. Kumeza asingeweza, kila kitu alikuwa anakirudisha.

Mumewe na majirani wakambeba kwa machela kupitia migombani hadi barabarani. Kulikuwa na lori la kahawa linaloenda Bukoba, na dereva akasema tusubiri, magunia bado. Nilimpigia kelele mpaka koo likakauka. Tukaondoka na magunia yaliyokuwepo, binti amelazwa juu yake, mumewe amemkinga jua kwa mgolole wake.

Huko hospitali, la kwanza walilofanya ni kuchukua damu kidoleni. Msaidizi wa maabara akainua macho kwenye darubini, amefurahi. "Malaria! Wadudu wapo."

Jamani! Nilitaka kukaa chini nilie. Wadudu wapo! Kwetu ukimpima hata mtu anayecheza ngoma unaweza kuwakuta. Kuwa na malaria hakumzuii mtu kuwa na jingine. Nashukuru daktari Mzungu alikuwa na akili hiyo. Alimshika shingo mara moja tu, akaagiza sindano ndefu, akamchoma mgongoni, chini kati ya pingili. Maji ya uti wa mgongo hutakiwa yatoke safi kama ya chemchemi. Yalitoka na ukungu, kama maji yaliyooshewa mchele. Homa ya uti wa mgongo.

Wakamwanzishia penisilini na dawa ya salfa hapo hapo. Daktari akaniuliza ilianza lini. Nikamwambia habari zake zililetwa kwangu Jumatatu.

"Ulimwona Jumatatu?"

"Hapana, bwana. Nilimwona mumewe."

Akaandika. Hakunigombeza, na ningeona nafuu kama angenigombeza.

Nikarudi zahanatini, na kwa siku tano habari zilizonifikia ni kwamba anaweweseka tu. Ya sita nikapata lifti kwenda Bukoba. Nilipofika wodini homa ilikuwa imeshuka, amefumbua macho, ameegemezwa mto, na shingo inageuka huku na huku. Mumewe anacheka kama mwehu. Mama mkwe amekaa kwenye ukingo wa kitanda, amemshika mikono yote miwili, machozi yanamtiririka, anaomba radhi: mwanangu nisamehe, sikujua, nyumba ni yako, hakuna wa kukurudisha kwenu. Maneno ambayo sijawahi kusikia mama mkwe wa Kihaya akimwambia mgole.

Binti alikuwa anaitazama midomo yake. Akatazama ya mumewe, akatazama yangu. Kisha akasema, kwa sauti kubwa mno hata wodi nzima ikageuka:

"Bado mmenikasirikia? Mbona mnachezesha midomo tu? Hata kunisemesha hamtaki?"

Mama mkwe akamjibu haraka, tumeshasahau mwanangu, tumeshasahau. Akarudia. Akapaza sauti. Binti akaendelea kumtazama mdomo, anasubiri.

Mimi nilishaelewa. Nilifundishwa kwamba homa ile huweza kuondoka na masikio ya mtu, hasa dawa ikichelewa. Mumewe akanigeukia, kicheko kimemkauka.

"Dakta," alisema, "mwambie hatujakasirika."