Swali la Ndunge kuhusu Chumvi

Peres Oduor alikuwa mwalimu wa kemia aliyependwa. Katika shule ya kutwa ya Parklands alikofundisha, wanafunzi wa kidato cha pili walikuwa wakikimbilia viti vya mbele kipindi chake kikifika, kwa sababu Madam Peres alichekesha. Asidi kwake ilikuwa shangazi mwenye mdomo mkali. Gesi ajizi zilikuwa matajiri wasiosalimia majirani. Mtoto alitoka darasani akicheka, na Peres aliamini kwamba aliyecheka ameelewa.

Mwaka huo idara ya sayansi iliamua kuwasaidia wanafunzi ambao Kiingereza kiliwalemea. Wangefundishwa kwa Kiswahili saa ya chakula cha mchana, kwa michoro mikubwa ya kubandika ukutani. Peres alijitolea kabla ya mtu mwingine kufungua mdomo. Alikuwa na mkono mzuri wa kuchora, na alijua hivyo.

Miongoni mwa waliokuja kwenye masomo hayo alikuwemo Ndunge, msichana mrefu, mkimya, mwenye macho yasiyotoka ubaoni. Wazazi wake walikuwa Wakamba, lakini alikulia Arusha na kusoma shule ya msingi huko, masomo yote kwa Kiswahili. Baba yake alipofariki, mama yake alirudi Kenya na kupata kazi ya nyumbani Kileleshwa. Ndunge alipozungumza, wenzake walitazamana. Alisema "naomba unielekeze" pale ambapo wao wangesema "nishow".

Mada ya kwanza ilikuwa vifungo vya kikemia, yaani namna atomu zinavyoshikana. Peres alibandika karatasi yake. Upande mmoja palikuwa na atomu ya sodiamu: duara dogo katikati, nalo ni kiini, na kukizunguka palikuwa na mizingo mitatu yenye elektroni mbili, nane, kisha moja. Upande wa pili palikuwa na klorini: mbili, nane, saba.

"Sodiamu ni bwana harusi," Peres alisema. "Ana elektroni moja pale nje, inamsumbua. Klorini ni bibi harusi, amebakisha moja tu atimize nane. Bwana anatoa mahari, bibi anapokea. Ndoa imefungwa! Hicho ndicho kifungo cha ioni, na mtoto wao ni chumvi ya mezani."

Darasa lilicheka. Chini ya karatasi alikuwa amechora chumvi yenyewe: jozi nyingi za sodiamu na klorini, kila jozi ndani ya duara lake jekundu, kama nyumba za watu waliooana. Kati ya jozi na jozi aliacha nafasi nyeupe.

Ndunge aliinua mkono.

"Samahani, Mwalimu. Kila sodiamu amepewa klorini wake. Sasa hizi jozi zenyewe, moja na nyingine, zinashikwa na nini?"

"Unamaanisha?"

"Hapo kati pako wazi. Lakini punje ya chumvi ya mawe ni ngumu, mpaka uipige ndipo ivunjike. Kama hakuna kinachozishika, si ingemwagika kama maji?"

Peres aliitazama karatasi. Hakuwa na jibu, au alikuwa nalo mahali fulani tangu chuoni na sasa halikuja. Wanafunzi walikuwa wakimsubiri, na kuwachekesha kulikuwa rahisi kuliko kusema hajui.

"Wewe Ndunge," alisema, "huko Arusha mlikuwa mnakula chumvi ama mlikuwa mnaihoji?"

Chumba kililipuka kwa kicheko. Kijana mmoja nyuma akapiga meza. Mwingine akasema, "Chumvi! Sasa tumekupatia jina!" Ndunge alishusha mkono, akaketi, akaangalia vidole vyake. Peres naye alicheka kidogo pamoja nao, kisha akaendelea na somo.

Ndunge hakurudi saa ya mchana baada ya hapo. Peres aligundua kiti chake kiko tupu na akajiambia labda msichana amezidiwa na kazi za nyumbani.

Jaribio la mwisho wa mwezi lilisahihishwa na walimu wawili, Peres na Mwalimu Wahome, aliyefundisha mkondo mwingine. Waliketi chumba cha walimu, kila mmoja na chai yake. Wahome alisoma karatasi kadhaa, akaanza kukunja uso.

"Madam, hebu ona. Swali linasema wachore mpangilio wa ioni katika chumvi. Watoto wako wote wamechora jozi jozi. Huyu ameandika 'molekuli moja ya chumvi'. Huyu ameandika 'mume na mke'."

Peres alichukua karatasi. Duara lake jekundu lilikuwepo, limenakiliwa kwa uaminifu na watoto waliomwamini. Na hapo hapo, akiitazama, jibu alilokuwa amelikosa likamjia lote. Katika chumvi hakuna jozi. Sodiamu ikishatoa elektroni inakuwa ioni yenye chaji chanya, klorini ikishapokea inakuwa ioni yenye chaji hasi, na ioni haichagui mwenza mmoja. Inavuta kila yenye chaji kinyume iliyo karibu, pande zote. Ndunge alikuwa ameona pengo ambalo halikupaswa kuwepo.

"Hii michoro wameitoa wapi?" Wahome aliuliza.

"Sijui," Peres alisema. "Hawa watoto hawasikizi. Unawaambia hivi, wanaandika vile."

Wahome alitikisa kichwa kwa huruma. "Pole. Kizazi hiki ni kazi."

Peres alikunywa chai iliyokuwa imepoa. Alikuwa amewasingizia watoto mbele ya mtu mwingine, kwa sauti ya kawaida kabisa, bila hata kusita. Siku nzima maneno yale yalimrudia. Alipopita kwenye chumba cha masomo ya mchana aliona karatasi yake ikiwa bado ukutani na akatazama pembeni.

Juma lililofuata, mlinzi wa geti alimwita. Mwanamke mmoja alikuwa akimsubiri kwenye benchi nje ya ofisi, amevaa sweta ya kazi, mkoba umebanwa magotini. Alisimama mara alipomwona.

"Shikamoo, Mwalimu," alisema, ingawa alimzidi Peres umri waziwazi.

"Karibu, mama. Keti tafadhali."

"Mimi ni mama yake Ndunge. Nimeomba ruhusa kidogo kazini." Alibaki amesimama. "Nimekuja kuomba msamaha."

"Msamaha wa nini?"

"Ndunge alikuuliza swali la kukosa adabu. Hakuniambia mwenyewe, nimelitoa kwa nguvu. Nilimuuliza mbona hataki tena kemia, mbona anataka niombe aiache akifika kidato cha tatu, akalia. Akasema ameitwa jina darasani kwa sababu alimjibu mwalimu. Mwalimu, huyu mtoto ana tabia ya kuuliza. Baba yake ndiye alimzoesha. Msamehe tu. Nitaongea naye."

Peres alitaka kusema, "Mama, aliyekosa ni mimi." Sentensi ilikuwa tayari mdomoni. Lakini katibu wa shule alikuwa dirishani, na walimu wawili walikuwa wakipita, na akasikia sauti yake mwenyewe ikisema, "Haina shida, mama. Usijali."

Mwanamke alimshukuru. Alimshukuru mara mbili, akamshika mkono kwa mikono yote miwili, kisha akashuka kuelekea barabarani.

Peres aliingia maabara, akafunga mlango, akaketi kwenye stuli. Hakulia. Aliona tu uso wa yule mama ukimshukuru kwa kumsamehe mtoto ambaye hakukosea. Alikuwa amepewa nafasi tatu za kusema kweli, na kila nafasi ilikuwa rahisi kuliko iliyofuata.

Jumamosi alishinda mezani kwake, akarudia michoro yote. Jumatatu saa ya mchana alimwomba mwalimu wa zamu amwite Ndunge. Msichana aliingia wenzake wakiwa wameshaketi, akachukua kiti karibu na mlango.

Peres hakuanza na kichekesho.

"Mchoro niliowapa haukuwa sahihi," alisema. "Ndunge aliuliza jozi zinashikwa na nini. Sikujua la kumjibu, nikamfanya kichekesho badala ya kusema sijui. Nilikosa. Halafu mlipofeli, nilimwambia Mwalimu Wahome kwamba hamsikizi. Hilo nalo lilikuwa uongo. Nitamwambia mwenyewe leo."

Hakuna aliyecheka. Kijana aliyebuni lile jina aliinamisha kichwa.

Alibandika karatasi mpya. Chumvi sasa ilikuwa kama ubao wa drafti: alama ya kujumlisha, alama ya kutoa, kujumlisha, kutoa, safu baada ya safu, bila nafasi ya wazi.

"Hakuna ndoa hapa. Hii sodiamu ina kloridi, yaani klorini iliyokwisha kupokea elektroni, kulia, kushoto, juu na chini kwenye karatasi. Ongeza moja mbele yake na moja nyuma, kwa sababu punje si bapa. Zinakuwa sita, na zote zinavutana nayo. Kila kloridi nayo imezungukwa na sodiamu sita. Kinachoshika punje nzima ni huo mvuto wa pande zote."

Aliweka punje ya chumvi ya mawe juu ya kigae, akaigonga kwa nyundo. Ilivunjika vipande.

"Ukigonga, safu inasogea. Chanya inakutana na chanya, hasi na hasi. Zinasukumana, punje inapasuka."

Kisha akagonga kipande cha waya wa shaba. Kikawa bapa tu. Kwenye mchoro wa pili palikuwa na ioni chanya zilizopangwa kwa safu, na kati yake vitone vingi vilivyotawanyika. "Hiki ni kifungo cha metali. Elektroni za nje si za atomu moja tena. Zinazunguka kati ya ioni zote, na ndizo zinazozishika pamoja. Safu zikiteleza, elektroni bado zipo, kwa hiyo shaba inapindika bila kuvunjika. Na kwa sababu zinaweza kutembea, umeme unapita."

Mchoro wa tatu ulikuwa wa maji: oksijeni katikati, hidrojeni mbili pembeni, mizingo yao ikiingiliana. Kila mahali ilipoingiliana palikuwa na kitone kimoja na msalaba mmoja, yaani elektroni moja ya kila atomu. Chini aliandika: *Atomu zinagawana elektroni.*

Ndunge aliitazama sentensi ile kwa muda. Mkono wake haukuinuka. Alisema akiwa amekaa, kwa sauti ya chini, kama anayejaribu kina cha maji kwa mguu.

"Mwalimu, mkigawana kitu, kila mtu anaondoka na chake."

Peres aligeuka. "Endelea."

"Hapo hakuna aliyeondoka na chake. Zile mbili ziko katikati, ni za wote."

"Ungeandikaje?"

"Zinashirikiana."

Peres alifuta, akaandika: *Atomu zinashirikiana elektroni.* Aliwaambia darasa kwamba neno hilo ni bora, na akamtaja aliyelitoa. Ndunge hakutabasamu. Kengele ilipolia alichukua begi lake na kutoka na wengine, bila kumtazama mwalimu.

Jioni hiyo Peres alimkuta Wahome akifunga kabati na akamweleza yote. Wahome alisimama na funguo mkononi, asijue pa kuangalia. "Sawa," alisema hatimaye. "Nimewasema vibaya hao watoto kwa mwalimu mkuu, lakini. Itabidi twende pamoja."

Walikwenda. Baadaye Peres alimpigia simu mama yake Ndunge na kumwambia yale aliyoshindwa kuyasema kwenye benchi. Upande wa pili maji yalikuwa yakitiririka kwenye sinki.

"Kwa hiyo aliuliza vizuri?" mama aliuliza.

"Aliuliza vizuri sana."

"Ungeniambia siku ile, Mwalimu," mama alisema, bila hasira. "Nilimchapa jioni hiyo."

Peres alibaki na simu sikioni hata baada ya mama kuagana naye.

Ndunge hakuiacha kemia. Alikuja saa ya mchana kila mara, akaketi pale pale karibu na mlango. Ilipita karibu muhula mzima kabla hajainua mkono tena, na siku alipouinua, Peres aliweka chaki chini kwanza, ndipo akamsikiliza.