Kiti cha Bembea cha Mama Mkwe

Habari aliileta jirani yetu tunayemwita Redio, beseni la nguo kiunoni.

"Mwenzangu, husikii harufu? Yule fundi seremala anapika ngozi za ng'ombe. Kwenye sufuria! Mimi simsemi mtu, lakini..."

Redio akishasema hamsemi mtu, mtu huyo kwisha habari yake.

Nami nilikuwa na shida na fundi huyohuyo. Kiti cha bembea alichonyonyeshea mama mkwe watoto wake wote, alituletea sisi mtoto wetu alipozaliwa. Viungo vilipolegea, mume wangu alivipaka gundi nyeupe ya dukani, akafunga kamba, akajisifu siku nzima. Siku ya tatu nimekaa nanyonyesha, mguu ukachomoka, tukashukia mkekani mimi na mwanangu, yeye ziwa hajaliachia. Hatukuumia. Lakini mama mkwe alikuwa anakuja Jumamosi, na jambo la kwanza angeuliza ni kiti.

Jumatatu nikamfunga mtoto mgongoni, nikabeba vipande.

Fundi ni mwanamke wa makamo, mfupi, mikono mipana. Wanamwita Mama Jiriwa, kama kile chuma cha kubania mbao, kwa sababu akishika kitu hakiponyoki. Sufuria niliikuta kweli, ndani yake maji ya moto, na ndani ya maji mkebe wa kitu cha rangi ya asali.

"Karibu, mwanangu. Umetumwa na Redio?"

Nikacheka kwa aibu. Akainusa ncha ya mguu wa kiti.

"Nani kapaka hii nyeupe?"

"Baba yake huyu."

"Mpe pole. Gundi si mbaya, kaiweka pasipo pake. Nyeupe inataka kuingia kwenye mti wenyewe. Humu mlikuwa na gundi ya ngozi ya zamani, imeziba. Ni kama kapaka rangi juu ya vumbi."

Siku hiyo alikwangua ile nyeupe yote kwa maji ya vuguvugu na patasi butu, taratibu kama anayemsafisha mtoto masikio. Ya zamani hakuhangaika nayo. Viungo akaviacha vikauke hadi Jumatano.

Nilirudi kila siku, nikisingizia kwamba mtoto anapenda sauti ya randa. Nilimwona akiunga droo kwa gundi nyeupe ileile ya mume wangu. Mbao mpya, zimekaana sawasawa, za kukaa ndani ya nyumba. Akazibana kwa jiriwa. Benchi la kukaa nje mvuani alilitia gundi ya povu. Alilowanisha mbao kidogo, na gundi ikaumuka kama unga uliotiwa hamira.

"Si ingejaza uwazi ulio kwenye viungo vya kiti changu?" nikauliza.

"Povu linajaza macho tu, nguvu halina. Hata gundi hii inataka mbao zikaane na zibanwe, kama ile nyeupe."

Tegeo moja la kiti, ule mti uliopinda wa kubembelea chini ya miguu, lilikuwa limemeguka, kipande kimepotea. Hapo ndipo alipochanganya epoksi, chupa mbili sawa kwa sawa, akajaza shimo. Jumatano jioni mume wangu alipopita kutoka kazini, akaiona, akachangamka.

"Fundi, si uweke hiyo kali kila mahali, tumalize?"

"Baba, hiyo haibanduki. Siku mguu ukivunjika utakata kwa msumeno, na mama yako atakuangalia." Akaukoroga mkebe wake. "Hii ya ngozi nikiipaka ya moto, inaiyeyusha ya zamani, zinashikana kama ndugu. Na kikilegea tena, mvuke kidogo na maji moto, kinafunguka bila kuumia. Kiti kinachokaliwa lazima siku moja kifunguliwe."

"Kwa nini usiichemshe kabisa, iive haraka?"

"Ikichemka inakufa nguvu. Hii si maharage."

Nilitazama pembeni nisicheke.

Jumatano hiyohiyo akapaka upesi kabla haijapoa, akaingiza miguu, akabana pande zote. Hadi Ijumaa hakuna aliyeruhusiwa hata kukigusa.

Jumamosi mama mkwe hakupitia nyumbani. Redio alikuwa ameshamweleza yote njiani, hata habari ya ngozi. Akatukuta karakanani, mkoba begani, akakizunguka kiti, akapitisha kidole kwenye tegeo.

"Hiki ndicho changu," akasema, akavuta kanga akae.

Mama Jiriwa akamzuia kwa kiganja, wote wawili wakicheka. "Subiri, dada. Wewe utakisifu hata kikilia kwichikwichi." Akanigeukia, akapiga goti karibu na tegeo, sikio limeelekezwa kwenye viungo.

"Kaa wewe, mwanangu. Mnyonyeshe huyo, ubembee mpaka alale. Na nyie wengine nyamazeni, nisikilize."